“Naomba Bango, Liwe Kali”

“Kaka, habari za saa hizi. Naomba unitengenezee bango la kuchangia damu. Liwe kali. Nalihitaji keshokutwa.”

Aliyeandika ni mwenyekiti wa vijiwe vya bodaboda, Morogoro mjini. Kwa sisi tunaobuni matangazo, ujumbe wa namna hii ndio mkate wetu wa kila siku, na una jambo moja tu lililo wazi, yaani mada. Haujasema bango ni la nani, litabandikwa wapi, liandikwe nini, liwe na ukubwa gani wala nakala ziwe ngapi. “Liwe kali” ni maelezo ya sura, lakini ukali alionao yeye kichwani unaweza usifanane hata kidogo na wa kwangu.

Mbunifu mwenye haraka angefungua kompyuta papo hapo. Angeweka rangi nyekundu, tone kubwa la damu, sindano, na maneno “Okoa Maisha”. Jioni angetuma, na asubuhi angejibiwa, “Sio hivi kaka.” Kuanzia hapo kazi ya saa mbili ingegeuka ya wiki, kila mmoja akimwona mwenzake msumbufu.

Mteja si mvivu. Bango lote analiona kichwani mwake, na anaamini akishataja mada mengine yanaeleweka. Shida inazidi pale sisi wabunifu tunapomuuliza kwa lugha ya fani yetu. Ukimuuliza “unataka saizi gani?” atakujibu “ya kawaida”. Ukimuuliza “muonekano gani?” atakujibu “mzuri”. Ameshajibu, lakini wewe hujapata kitu. Kinachosaidia ni kumuuliza anayoyajua vizuri kuliko wewe: watu wake, ukuta wake, siku yake. Saizi, maneno na sura vitatoka humo, na kuvitoa ni kazi yako wewe.

Swali la kwanza nililomuuliza mwenyekiti lilikuwa hili: mtu akishasoma bango, unataka afanye nini?

“Aelewe umuhimu wa kuchangia damu,” alijibu.

Jibu hilo husikika karibu kwa kila mteja, na ni vizuri usilikubali kwa mara ya kwanza. Niliuliza tena: akishaelewa, aende wapi? Hapo ndipo habari yenyewe ilipotoka. Kuna Jumamosi moja mwezi Novemba ambapo timu ya damu salama itakuja kwenye uwanja wa ofisi ya kata, itandike vitanda na kupokea damu kutwa nzima. Madereva wa vijiwe 12 wamekubaliana kujitokeza, kwa sababu kila mmoja wao anamjua mwenzake aliyewahi kulazwa kwa ajali akahitaji damu. Umuhimu wa damu wanaujua kuliko mimi. Wanachohitaji ni kukumbushwa siku, mahali na saa, na kujua kama wanafaa kuchangia.

Kwa hiyo hili ni bango la kumtoa mtu kijiweni na kumfikisha uwanjani siku maalumu. Lingekuwa la elimu, la kubandikwa kwenye ukuta wa hospitali mwaka mzima, lisingekuwa na tarehe, na lingeweza kubeba maelezo marefu, maana anayesoma pale amekaa kwenye benchi anasubiri kuitwa. Hili la kwetu litasomwa na mtu aliyekaa juu ya pikipiki, jicho moja likiwa barabarani kumtafuta abiria. Tarehe inatakiwa kuwa kubwa karibu sawa na kichwa cha habari, na sentensi zote za umuhimu wa damu zinaweza kuondoka bila mtu kuona pengo. Jibu moja limeamua nusu ya kazi kabla hatujagusa rangi.

Swali la pili ni la msomaji. Nilitaka kujua kama ni madereva peke yao.

“Na pale sekondari jirani tutabandika matano,” akasema. “Vijana wana damu nyingi.”

Hapo tulisimama kidogo. Kwa utaratibu wa uchangiaji damu nchini Tanzania, mchangiaji anatakiwa awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza hadi cha nne hawajafika miaka 18. Bango lile kwenye ubao wa shule lingewaita uwanjani watoto ambao wangepanga foleni juani, kisha wangerudishwa. Mwenyekiti hakuwa amelifikiria hilo, wala hakuwa na sababu ya kulifikiria. Yeye aliona ukuta wenye watu wengi. Tukakubaliana nakala moja iende kwenye chumba cha walimu, nyingine nne zibandikwe kwenye gereji na maduka ya vipuri ambako madereva hushinda. Maandishi nayo yakaongezeka mstari mmoja: umri na uzito.

Angalia jinsi swali la “nani” lilivyobadilisha mambo ambayo hayakuonekana kuhusiana nalo. Ndiyo maana mpangilio wa maswali una uzito. Ukianza na rangi, utakuwa umeshaipenda kazi yako kabla hujagundua kuwa inamwita mtu asiyehusika, na kazi uliyokwisha kuipenda ni ngumu kuivunja.

Baada ya hapo nikauliza kuhusu ukuta. Sikumuuliza saizi. Nilimwomba apige picha ya mahali litakapobandikwa, akiwa amesimama pale pale dereva anapokaa. Alituma picha tatu, na katika zote bango lingekuwa kwenye ubavu wa kibanda cha chipsi au cha kuuza vocha, chini ya mchirizi wa bati, mita 4 au 5 kutoka zilipoegeshwa pikipiki.

Picha hizo zilinipa saizi. Wachora mabango ya barabarani wana kanuni ya zamani ya kukadiria: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na kimo cha kama sentimita 2.5 ili isomeke bila kukaza macho. Herufi ndogo kuliko hiyo bado zinasomeka, lakini msomaji analazimika kutaka kuzisoma, na mtu anayewinda abiria hana haja hiyo. Kwa mita 5 basi, kichwa cha habari kinahitaji herufi za sentimita 4 hivi.

Karatasi ya A3 ina upana wa milimita 297 na urefu wa milimita 420. Ukiacha nafasi pembeni, unabaki na upana wa sentimita 27 hivi. Herufi kubwa nene yenye kimo cha sentimita 4 hula karibu sentimita 2.5 hadi 3 za upana, kwa hiyo mstari mmoja hubeba herufi tisa au kumi tu. Sasa chukua kichwa ambacho mwenyekiti alikuwa amekipendekeza: KAMPENI YA UCHANGIAJI WA DAMU KWA HIARI. Kwa herufi za kimo hicho kingehitaji mistari minne, na pamoja na nafasi katikati ya mistari kingemaliza nusu ya karatasi kabla hatujasema ni lini. CHANGIA DAMU ni mistari miwili mifupi. Inakaa vizuri, na inamwambia mtu afanye nini.

Watu wengi hudhani maneno ni kazi ya mteja na saizi ni kazi ya mchapaji, kila moja kivyake. Ukweli ni kwamba umbali wa pikipiki kutoka kwenye kibanda ndio ulioamua urefu wa kichwa cha habari. Kama mwenyekiti angeng’ang’ania maneno yake yote saba, ingetulazimu kwenda A2, ambayo ni mara mbili ya A3. Steshenari nyingi za mjini zina mashine inayoishia A3. Kuanzia A2 unatafuta mashine pana, na bei ya nakala moja hupanda. Yeye alikuwa na mchango wa madereva mfukoni, si bajeti ya serikali.

Nilimuuliza pia litakaa siku ngapi. Alisema wiki mbili. Hilo nalo ni swali la uchapaji, ingawa halisikiki hivyo. Bila shaka umewahi kuona bango la zamani ukutani ambalo sura za watu zimekuwa za bluu. Katika wino wa kawaida wa kuchapia, jua hula haraka zaidi ile rangi nyekundu ya waridi na ile ya njano, hivyo kinachobaki ni bluu na nyeusi. Bango jekundu la kukaa miezi sita juani lingenitia wasiwasi. Kwa wiki mbili halina tatizo. Ila Novemba ni msimu wa vuli, mvua hunyesha, na karatasi ikilowa usiku mmoja hujikunja na kuchanika kwenye kona. Tukachagua karatasi nzito kidogo, na nikamwomba kila nakala iwe ndani ya mchirizi wa bati, hata kama ukuta wa nje unaonekana zaidi.

Kuhusu idadi: vijiwe 12, viwili viwili, jumla 24, pamoja na zile tano. Nakala 30 ni kazi ya mashine ya dijitali, inayochapa moja kwa moja kutoka kwenye faili. Zingekuwa 1,000 tungezungumzia uchapaji wa sahani, ambao kuuanza ni ghali lakini kila nakala inayofuata huwa rahisi. Mteja asiyeulizwa idadi anaweza kupewa bei ya njia isiyo yake.

Sehemu inayohitaji uangalifu kuliko zote ni maneno. Kuna mapengo ambayo mbunifu anaruhusiwa kuyajaza kwa akili yake, na kuna ambayo hapaswi kuyagusa. Aina ya karatasi, aina ya herufi na mpangilio ni vyangu. Napendekeza, mteja anakubali au anakataa. Tarehe, saa, mahali, namba ya simu, jina la mtu na masharti ya afya si vyangu. Hivyo hata nikiwa na uhakika wa asilimia mia, nauliza.

Mwenyekiti alinitumia maandishi haya: “Jumamosi tarehe 15 Novemba 2026, kuanzia saa 3 hadi saa 9, uwanja wa kata.”

Fungua kalenda. Tarehe 15 Novemba 2026 ni Jumapili. Jumamosi ni tarehe 14. Kosa la namna hii hutokea sana, maana watu hukumbuka siku kwa jina na tarehe huihesabu kwa vidole. Mbunifu mwenye nia njema anaweza kulisahihisha kimya kimya: ameandika Jumamosi, basi itakuwa 14. Lakini hujui ni kipi alichokosea. Pengine kikao kilihamishia shughuli Jumapili naye akasahau kubadilisha jina la siku. Ukikisia vibaya, vitanda vinatandikwa siku moja na watu wanakuja siku nyingine. Swali lake ni jepesi: “Kaka, tarehe 15 ni Jumapili. Ni Jumamosi 14 au Jumapili 15?” Alijibu baada ya nusu saa, akiwa amempigia mratibu wa damu: Jumamosi 14.

Saa nazo zilihitaji ukamilifu. “Saa 3 hadi saa 9” kwa sisi wote wawili haina utata, lakini bango hupigwa picha na kusambazwa, na simu nyingi huonyesha saa kwa hesabu ya Kizungu. Kijana anayeweka kikumbusho kwenye simu akaandika 9 anaweza kujichanganya. Tuliandika “saa 3:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri”. Na “uwanja wa kata” ukawa “uwanja wa ofisi ya kata”, pamoja na alama ambayo kila dereva anaijua, kwa sababu kata hiyo ina uwanja mwingine wa mpira na watu huuita kwa jina hilo hilo.

Masharti ya afya niliyapata kutoka kwa mwenyekiti kwa mdomo, halafu nikaomba yasomwe na mhudumu wa timu yenyewe kabla ya kuchapa. Dada yule alisoma, akaongeza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria: waandikieni watu wale na wanywe maji kabla ya kuja. Wengi hufika na njaa, wakidhani ni kama vile vipimo vya hospitali vinavyotaka tumbo tupu, na mtu asiyekula ndiye huyo anayepata kizunguzungu akishatolewa damu. Mstari huo wa maneno machache una faida kuliko mapambo yote niliyoyaweka.

Ndipo tukafika kwenye sura, ile “kali”. Nilimwomba aniletee picha za mabango mawili anayoyapenda na moja asilolipenda, ya shughuli yoyote ile. Hilo ni rahisi kwa mtu yeyote, hata asiyejua jina la rangi au la herufi. Aliyoyapenda yalikuwa tangazo la mechi ya mpira na tangazo la muziki. Yote mawili yalikuwa na sura ya mtu mmoja kubwa, mandhari ya rangi moja iliyokolea, na maneno machache meupe. Asilolipenda lilikuwa la semina, lenye picha ndogo tisa na maandishi kila kona. Sasa “kali” ikawa na maana ninayoweza kuifanyia kazi: sura moja, rangi moja, maneno machache.

Alitaka sindano na mfuko wa damu. Nilimuuliza, dereva mwoga wa sindano akiona picha hiyo atasogea au atarudi nyuma? Alicheka, akasema yeye mwenyewe haangalii anapochomwa. Tukakubaliana iwe picha ya dereva wa pale pale kijiweni, amevaa kizibao chake cha kung’aa, mkono umeshafungwa bandeji ndogo, anakunywa soda. Picha hiyo inamwonyesha msomaji kwamba mtu kama yeye ameshapita pale na yuko salama. Dereva aliyepigwa picha aliulizwa kwanza kama anakubali sura yake ibandikwe mjini, na alijibu kwa maandishi kwenye simu. Swali hilo watu husahau, na kulikumbuka baada ya nakala 30 kuchapwa ni hasara.

Jambo jingine alilotaka ni msalaba mwekundu kwenye kona, “ili watu wajue ni mambo ya afya”. Hapa nilikataa na kumweleza sababu. Msalaba mwekundu juu ya nyeupe si alama ya afya kwa ujumla. Ni nembo inayolindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, kwa ajili ya huduma za tiba za majeshi na ya harakati ya Msalaba Mwekundu, ili vitani watu wajue nani hapaswi kupigwa risasi. Kuiweka kwenye tangazo la mtu mwingine yeyote, hata la nia njema, ni kuipunguzia nguvu. Mahali pake tuliweka nembo ya mpango wa damu, tena baada ya mhudumu kuuliza wakubwa wake kama inaruhusiwa na kututumia faili halisi. Mwenyekiti alikuwa ameikata kutoka kwenye picha ya fulana, na kingo zake zilikuwa na ukungu.

Faili zenyewe zina swali lake, na ni la kuuliza mapema. Picha ya dereva ilikuja kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida. Ikitumwa hivyo, picha hubanwa ili isafiri haraka, na mara nyingi upande wake mrefu hubaki na pikseli kama 1,600. Kwenye skrini ya simu inapendeza. Kwenye A3 inayosomwa kwa karibu tungependa upande mfupi peke yake uwe na pikseli kama 3,500. Kuitambua picha iliyobanwa ni rahisi: ikuze kwenye kompyuta mpaka ifikie ukubwa itakaochapwa, kisha tazama ukingo wa shavu na nyusi. Ukiona vimraba au ukungu, karatasi nayo itakuonyesha hivyo hivyo. Nilimwomba aitume upya kama hati badala ya picha, na ikaja kamili.

Halafu kulikuwa na toleo la simu. Mwenyekiti alitaka bango lile lile kwa ajili ya makundi ya madereva. Lakini A3 ikiingia kwenye skrini yenye upana wa sentimita 7 hupungua zaidi ya mara nne. Tarehe yenye herufi za sentimita 2 inabaki na nusu sentimita, na inasomeka vizuri. Mstari wa masharti, wenye herufi za milimita 5, unabaki na kama milimita 1, na hausomeki bila kukuza. Kwa hiyo tulitengeneza picha nyingine ya wima, yenye kichwa, siku, saa, mahali na namba ya simu, na masharti tukayaacha yaandikwe kama ujumbe chini ya picha, ambako mtu anaweza hata kuyanakili.

Ningependa kusema kidogo jinsi ya kuyatuma maswali haya, maana msomaji anaweza kudhani nilimwandikia mtu wa watu orodha ya maswali ishirini. Ukifanya hivyo utajibiwa matatu, tena yale mepesi. Mimi hutuma machache kwa mkupuo: lengo na msomaji kwanza. Yakijibiwa, ukuta, siku na idadi. Yale ninayoweza kuyapendekeza mwenyewe nayageuza kuwa pendekezo la kukubali au kukataa: “Nashauri A3, nakala 30, mandhari nyekundu na maneno meupe. Kama una wazo tofauti niambie kabla ya saa 10.” Mtu aliye barabarani anaweza kujibu hilo kwa neno moja akiwa kwenye taa nyekundu. “Unapendelea nini?” hawezi kuijibu.

Na kama jibu halijaja wakati muda unayoyoma, endelea kupanga, lakini pengo liache lipige kelele. Kwenye rasimu niliandika NAMBA YA SIMU HAPA kwa herufi za njano juu ya nyekundu, mbaya makusudi. Wapo wanaojaza namba ya uongo inayofanana na ya kweli ili rasimu ipendeze. Rasimu inayopendeza huidhinishwa haraka, na nimeona matangazo mitaani yenye namba za simu zinazokwenda 123456, yakimwalika msomaji apige. Hakuna aliyeziona kwa sababu zilikaa vizuri mno.

Kabla ya kuchapa nilimuuliza swali ambalo wengi huliacha: nani mwingine anatakiwa kukubali? Ilibainika kuna mweka hazina, mtendaji wa kata aliyetoa uwanja, na mhudumu wa damu. Wote watatu walitumiwa rasimu siku moja, na kila mmoja aliambiwa asome sehemu yake: hazina idadi na bei, mtendaji mahali, mhudumu masharti. Ukimwambia mtu “angalia kama iko sawa”, ataangalia picha. Namba ya simu niliipiga mwenyewe kwa kuisoma kutoka kwenye rasimu tarakimu baada ya tarakimu, mwenyekiti akapokea.

Kisha tulichapa nakala moja tu, mwenyekiti akaibandika kijiweni na kuwauliza madereva ambao hawakuhusika na maandalizi: unaambiwa ufanye nini, wapi, lini? Siku na mahali waliyasema bila kusita. Lakini wawili waliuliza swali moja ambalo hakuna kati yetu aliyelitaja katika mazungumzo yote: itachukua muda gani? Dereva wa bodaboda anahesabu saa kwa abiria, na kwake Jumamosi ni siku ya mapato. Kama anadhani atapoteza kutwa nzima hatakuja, hata awe na moyo namna gani. Mhudumu alipoulizwa alisema utoaji wenyewe ni kama dakika 10, na kuanzia kujiandikisha, kupimwa hadi kumaliza kupumzika mtu ajipe saa moja, kisha akae kwanza kabla ya kupanda pikipiki. Mstari wa “Okoa maisha ya mwenzako” nikauondoa chini ya picha, mahali pake nikaandika “Jipe saa 1 tu”, na faili likaenda mashineni.